Krasha Haihesabu Miezi, Inahesabu Tani: Uchakavu wa Mashine ya Kokoto katika Mwezi wa Kazi Nyingi

Swali hili huja mwishoni mwa mwezi mzuri. Mvua imekatika, mkandarasi wa barabara amechukua kokoto kama hana akili nzuri, malori yamelala foleni getini. Mwenye machimbo anafungua taarifa ya mapato na matumizi akiwa tayari ametabasamu, kisha jicho linagota kwenye mstari mmoja: uchakavu wa krasha kwa Septemba, shilingi 8,200,000. Anarudisha kurasa nyuma hadi Aprili. Mstari uleule, shilingi 1,050,000.

"Mwanangu, mashine si ni ileile? Nani kaipandisha bei?"

"Hakuna aliyeipandisha, mzee. Imefanya kazi zaidi."

"Kwa hiyo ninatozwa kwa kufanya kazi?"

Nimekaa upande wa mwenye kalamu katika mazungumzo ya namna hii mara za kutosha, na nimejifunza kwamba jibu fupi halisaidii. Mzee huondoka akiamini ameibiwa kistaarabu. Kwa hiyo nalichukua swali lake lote hapa, nikitumia krasha moja ya mfano ya kule Lugoba, kando ya barabara ya Chalinze kwenda Segera, ambako kokoto nyingi zinazojenga Dar es Salaam hutoka. Tarakimu za krasha hii ni zangu, nimezichagua zigawanyike vizuri. Utaratibu wa kuzihesabu ndio uleule wa vitabu vya kweli.

Neno linalotuchanganya

Sehemu ya mkanganyiko inatoka kwenye Kiswahili chenyewe. Nguo iliyochakaa unaiona: imepauka, imetoboka kwenye kiwiko. Mtu akisikia "uchakavu wa mashine" anadhani mhasibu ameizunguka krasha, ameigonga hapa na pale, kisha akakadiria imeharibika kwa milioni nane.

Mhasibu hakufanya hivyo. Katika vitabu, uchakavu ni kuigawa gharama uliyokwisha kuilipa. Ulinunua kitu kikubwa siku moja, nacho kitakuzalishia kwa miaka. Si haki kuibebesha siku ile ya kununua gharama yote, wala si haki kujifanya mashine ni ya bure katika miaka inayofuata. Basi gharama inakatwa vipande, kila kipindi kinabeba chake. Bei ambayo krasha ingeuzwa leo kwa dalali ni habari nyingine kabisa, na fedha ya kununulia krasha mpya ni habari nyingine tena. Wapo wanaoamini kwamba ile 8,200,000 imewekwa akiba mahali fulani. Haikuwekwa popote. Hakuna shilingi iliyotoka benki wala iliyoingia kwa sababu ya mstari huo.

Swali linalobaki ni kipimo cha kukatia vipande. Wengi wanajua kukata kwa miezi, kila mwezi kipande sawa. Njia ya pili, ndiyo iliyotumika kwenye kitabu cha mzee, inakata kwa kazi iliyofanyika. Wahasibu huiita njia ya vitengo vya uzalishaji. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 16, yaani IAS 16, kinaitaja waziwazi pamoja na ile ya kugawa sawasawa na ile ya salio linalopungua, inayokata kila mwaka asilimia ileile ya thamani iliyobaki, na kinamtaka mwenye mali achague inayofanana na jinsi mali yake inavyotumika kweli.

Mfano ninaoutumia mezani ni LUKU. Kodi ya chumba unalipa kwa mwezi: ukilala humo kila siku au ukasafiri wiki tatu, mwenye nyumba anadai ileile. Hiyo ndiyo njia ya kugawa kwa miezi. Umeme wa LUKU unanunua yuniti mapema, kisha zinaisha kadiri unavyotumia. Ukipiga pasi siku nzima zinakimbia, ukizima kila kitu zinatulia. Kununua krasha, kwa macho ya njia hii, ni kununua bando kubwa la tani kwa mkupuo mmoja. Kila tani inayopita kwenye taya inakula yuniti moja.

Kwa nini krasha ifanane na LUKU kuliko chumba? Kwa sababu kinachoimaliza ni jiwe. Taya moja imesimama, nyingine inakwenda na kurudi, jiwe linabanwa katikati mpaka linapasuka. Mtikisiko wa kila pigo unakwenda kwenye beringi, kwenye mhimili, kwenye fremu. Krasha iliyosimama mwezi mzima chini ya turubai haipati hata pigo moja la namna hiyo.

Kupata bei ya tani moja

Krasha yetu ilinunuliwa kwa shilingi 430,000,000 bila kodi ya ongezeko la thamani, kwa kuwa kampuni imesajiliwa na inairudisha kodi hiyo. Kuitoa bandarini na kuifikisha machimboni kuligharimu 34,000,000. Msingi wa zege, kuifunga na kuijaribu kukala 26,000,000. Zote hizo ni gharama ya krasha, maana bila hizo lingekuwa sanduku la chuma bandarini. Jumla ni 490,000,000.

Siku itakapochoka, chuma chake na mota yake vinatarajiwa kuuzika kwa 40,000,000. Hiyo ndiyo thamani ya masalio. Haigawanywi, kwa sababu unatarajia kuipata tena. Kinachobaki kugawanywa ni 450,000,000.

Sasa linakuja swali gumu kuliko yote: bando hili lina tani ngapi? LUKU inakuonyesha yuniti zilizobaki kwenye kioo cha mita. Krasha haina kioo hicho. Lazima mtu akadirie, na mtu huyo asiwe mhasibu peke yake. Fundi mkuu anajua mashine za aina hiyo zilifika wapi kwenye mawe ya namna hiyo. Mtengenezaji ana maelezo yake, ambayo mara nyingi huchukulia jiwe laini kuliko lako. Meneja wa machimbo anajua mwamba uliobaki na leseni inayoruhusu kuuchimba. Wakikaa watatu hao, wanaafikiana kwamba krasha yetu itasaga tani 900,000.

Hapo kuna mtego mmoja ambao nimeuona ukipita bila kuonwa. Tuseme krasha ina uwezo wa tani 900,000 lakini mwamba wenye leseni unatosha tani 500,000 tu. Kama mashine inaweza kung'olewa na kupelekwa machimbo mengine, na kuna mpango wa kweli wa kufanya hivyo, 900,000 ni halali kwa mashine yenyewe. Msingi wa zege hauhami, hivyo ungepaswa kutengwa na kugawanywa kwa tani 500,000. Na kama hakuna mpango wa kuihamisha, krasha nzima inagawanywa kwa zile 500,000. Katika mfano wetu mwamba unatosha, kwa hiyo tunaendelea.

450,000,000 gawanya kwa 900,000 ni shilingi 500. Kila tani inayosagwa inabeba shilingi mia tano za gharama ya krasha. Mzee akishaielewa namba hii, nusu ya ugomvi umekwisha.

Tani za Septemba zimetoka wapi

Krasha ilianza kazi tarehe 1 Novemba 2023. Kwa kawaida inasaga kama tani 9,000 kwa mwezi: inatoa takriban tani 60 kwa saa, na ukiondoa kusubiri mawe, kukwama na matengenezo, siku ya zamu moja haijai saa zote. Hadi tarehe 31 Agosti 2025, miezi 22, ilikuwa imesaga tani 198,000.

Aprili 2025 masika ilijaza shimo maji na barabara ya ndani ikawa tope. Zilisagwa tani 2,100 tu. Mara shilingi 500, uchakavu ukawa 1,050,000. Septemba zikaongezwa zamu za usiku, na tani zikafika 16,400. Mara 500, unapata 8,200,000. Ndiyo hesabu yote iliyomshtua mzee. Hakuna kilichopanda bei: mia tano ya Aprili ndiyo mia tano ya Septemba.

Lakini swali la mkaguzi wa hesabu ni tofauti na la mzee. Hatauliza kwa nini milioni nane. Atauliza: hizo 16,400 nani kazipima?

Machimbo mengi yana mzani getini. Mzani huo unapima lori linalotoka, yaani kokoto iliyouzwa. Krasha haijali kilichouzwa. Inachakazwa na kila jiwe lililoingia hopani, yaani kwenye mdomo wake wa kupokelea mawe, liwe limetoka kama kokoto ya inchi moja, liwe limetoka kama vumbi ambalo limekaa nyuma ya ofisi tangu mwaka juzi. Kwa hiyo tunataka tani zilizoingia. Kama kuna mzani kwenye mkanda wa krasha, kazi imekuwa rahisi. Kama hakuna, karani anaandika kila tipa inayomwaga hopani, na mara moja moja tipa chache zinapitishwa mzani wa getini kupata uzito wa wastani. Septemba ziliandikwa safari 1,025, wastani wa tani 16 kila moja. 1,025 mara 16 ni 16,400.

Sitaki kuamini daftari la karani wa zamu ya usiku peke yake, na namba inaweza kujaribiwa kwa njia nyingine. Tarehe 1 Septemba uwanjani kulikuwa na lundo la tani 2,600. Ongeza 16,400 zilizosagwa, ondoa 14,900 ambazo mzani wa getini unasema zimetoka. Lundo la mwisho linapaswa kuwa tani 4,100. Mpima ardhi akapima malundo yote, akapata meta za ujazo 2,700. Kokoto iliyolundikwa ikiwa na uzito wa tani 1.5 kwa kila meta ya ujazo, hizo ni tani 4,050. Tofauti ni tani 50, ambayo kwa uchakavu ni shilingi 25,000. Vipimo vya lundo havina usahihi wa kupita huo, na kokoto yenye unyevu inabadilisha uzito. Hapo nafunga daftari. Tofauti ingekuwa tani 1,500 ningerudi kwenye safari za usiku kuona nani aliandika safari hewa ili alipwe posho.

Ingizo lenyewe

Tarehe 30 Septemba 2025, kwenye jarida:

```
Debiti   Gharama za uzalishaji: uchakavu wa krasha    8,200,000
Krediti  Limbikizo la uchakavu: krasha                8,200,000
Maelezo: tani 16,400 x sh. 500, Septemba 2025
```

Upande wa krediti haugusi benki, na haugusi ile 490,000,000 ya gharama ya awali. Unakwenda kwenye akaunti ya limbikizo, ambayo kazi yake ni kukumbuka yuniti zilizokwisha kutumika. Mwisho wa Agosti ilikuwa na 99,000,000, yaani 198,000 mara 500. Sasa ina 107,200,000. Toa hiyo kwenye 490,000,000, unapata 382,800,000, thamani ya krasha vitabuni. Namba hizi zina jaribio rahisi ambalo hata mzee anaweza kulifanya kwa simu yake: chukua tani zote zilizosagwa tangu siku ya kwanza, 214,400, zidisha kwa 500. Isipofanana na limbikizo, kuna mwezi uliorukwa au ulioandikwa mara mbili.

Upande wa debiti ndio wenye jambo la kukaa nalo, na mwezi wa kazi nyingi ndio unaolifichua. Nimeandika gharama za uzalishaji, sikuandika matumizi ya ofisi. Krasha inatengeneza bidhaa. Mia tano ya tani inaingia ndani ya kokoto, kama dizeli, baruti na mshahara wa fundi zinavyoingia. Kokoto ikiuzwa, mia tano inatoka nayo na kuipunguza faida. Kokoto ikiwa bado uwanjani, mia tano iko nayo uwanjani, ndani ya thamani ya stoku.

Septemba tulisaga kuliko tulivyouza. Lundo la mwanzo la tani 2,600 lilibeba uchakavu wa 1,300,000. Lundo la mwisho la tani 4,100 linabeba 2,050,000. Stoku imeongezeka kwa 750,000 ya uchakavu, na ingizo linalofuata linasema hivyo:

```
Debiti   Stoku ya kokoto                              750,000
Krediti  Gharama za uzalishaji: uchakavu wa krasha    750,000
Maelezo: uchakavu ulio ndani ya ongezeko la tani 1,500
```

Kilichoila faida ya mwezi kweli ni 7,450,000. Ukigawa kwa 500 unapata 14,900, tani zilezile zilizopita getini. Kwa hiyo ukitaka kujua mashine imetumika kiasi gani, unatazama tani zilizosagwa. Ukitaka kujua faida imepunguzwa kiasi gani, unatazama tani zilizouzwa.

Hapa ndipo penye kosa linaloweza kuishi miaka bila kugunduliwa. Mtunza vitabu anaona mzani wa getini uko tayari, anachukua 14,900 mara 500 na kuandika 7,450,000 moja kwa moja kwenye limbikizo, bila kuigusa stoku. Faida ya mwezi inatoka ileile, ndiyo maana hakuna anayelalamika. Kinachoharibika ni mashine: vitabu vinasema ina yuniti 1,500 ambazo haina. Mwezi mmoja si kitu. Lakini vumbi la mawe lisilonunuliwa linaongezeka kila mwezi nyuma ya ofisi, na kila tani yake iliitikisa krasha bila kuandikwa. Siku beringi kubwa na fremu vimekwisha, vitabu bado vinaonyesha mashine ya makumi ya mamilioni. Dalili ni hii: tani za limbikizo ukizipanga kando ya zile za daftari la hopa, za limbikizo zinaachwa nyuma kidogo kidogo, na pengo halizibiki kamwe.

Ingekuwaje kama tungegawa kwa miezi

Tuseme tungesema krasha itaishi miaka minane, miezi 96. Kila mwezi ungebeba 4,687,500, mvua au jua. Mzee asingeshtuka. Lakini tazama tani moja. Aprili, 4,687,500 kwa tani 2,100 ni kama shilingi 2,232 kwa tani. Septemba, kiasi hichohicho kwa tani 16,400 ni kama shilingi 286. Jiwe lilelile, taya zilezile, na kokoto ya Aprili inaonekana kubeba krasha karibu mara nane ya kokoto ya Septemba.

Hatari iko Septemba zaidi. Mzee akipigiwa simu mwezi huo na mkandarasi anayetaka bei ya mwaka mzima, akaitazama 286 na kuona kokoto zake ni rahisi mno, atashusha bei kwa ajili ya namba ambayo ni ya mwezi mmoja. Kwa mia tano isiyotikisika, krasha haimdanganyi.

Simaanishi kila kitu machimboni kipimwe kwa tani. Ofisi ya kontena, uzio na kompyuta ya mzani vinazeeka na kalenda, na ningevigawa kwa miezi bila kufikiri mara mbili. Kijiko cha kuchimbia kina mita yake ya saa, nacho saa za kazi zinakifaa kuliko tani, kwa sababu hutumia muda mwingi kusafisha udongo wa juu ambao haufiki hopani.

Mambo matatu yanayosemwa sana

La kwanza: "Basi tutumie mauzo. Tukiuza kwa bei nzuri, tuandike uchakavu mkubwa." Linasikika kama busara ya biashara, na lilijadiliwa hadi IAS 16 ikarekebishwa mwaka 2014, marekebisho yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2016: mapato si kipimo kinachokubalika cha uchakavu wa mashine. Sababu inaonekana kwa macho. Bei ya kokoto ikipanda kwa sababu machimbo ya jirani yamefungwa, taya za krasha yako hazijui.

La pili: "Uchakavu umeshaandikwa, kwa hiyo vyuma vya taya vimo humo." Havimo. Vile vyuma vya manganizi vinavyokutana na jiwe huisha mapema sana, na mwezi wa tani 16,400 huenda ukavibadilisha kabla ya zamu yake. Vinavyodumu chini ya mwaka huandikwa kama matumizi ya matengenezo vinapofungwa. Ile mia tano ni ya mashine kubwa. Machimbo yasiyotenganisha haya mawili huishia kuongeza bei ya vyuma vya taya kwenye gharama ya krasha kila vinaponunuliwa, na baada ya miaka mitatu krasha ya vitabuni ni ghali kuliko siku iliposhuka bandarini. Kifaa kikubwa kinachodumu miaka lakini kitabadilishwa kabla ya mashine kwisha, kama mota kuu, hicho kinatengwa tangu mwanzo na kupewa tani zake.

La tatu ni la kodi, na hili huwauma watu. Mzee alipoielewa 8,200,000, jambo la kwanza alilouliza ni kama TRA nao wataipunguza kwenye kodi yake. Hapana. Sheria ya Kodi ya Mapato ina makundi yake ya mali na asilimia zake. Mitambo ya ujenzi na ya kuchimba udongo, kwa mfano, iko kwenye kundi la asilimia 37.5 kwa mwaka ya salio linalopungua. Hakuna kundi linalouliza ulisaga tani ngapi. Katika hesabu ya kodi, uchakavu wa vitabuni unarudishwa kwenye faida, kisha unaondolewa ule wa sheria. Kwa hiyo kuchagua njia ya tani hakukuongezei wala kukupunguzia kodi. Kunakuonyesha tu kokoto yako imekugharimu nini.

Pale LUKU inapoacha kufanana na krasha

Yuniti za LUKU hazipati kutu. Ukizima umeme mwaka mzima utazikuta zote. Krasha ukiisimamisha mwaka mzima, kwa njia hii uchakavu ni sifuri, na IAS 16 inakubali sifuri hiyo mradi hakuna uzalishaji. Wakati huohuo unyevu uko kwenye beringi na panya wako kwenye nyaya. Kama mashine imelala miezi mingi, usiridhike na sifuri. Iangalie upya: je, bado ina tani zile tulizodhani, na bado inaweza kurudisha thamani iliyoandikwa? Ikiwa haiwezi, thamani inashushwa papo hapo, nje ya hesabu ya tani.

Upande wa pili ni ule wa kazi nyingi. Mia tano inachukulia kwamba kila tani inaichosha krasha sawasawa. Septemba haikuwa hivyo kabisa. Zamu ya usiku inapotaka kufikia lengo, jiwe kubwa kuliko mdomo wa hopa hulazimishwa, na grisi ya saa nane usiku husahauliwa. Dalili zipo kwa anayetazama: beringi linawaka moto, mota inavuta umeme kuliko kawaida, na kile kipande nyuma ya taya kilichotengenezwa kivunjike kwanza ili kuokoa mengine kinavunjika mara mbili katika mwezi mmoja. Hutakiwi kubadili mia tano kwa sababu ya mwezi mmoja. Unatakiwa kuandika dalili hizo na kuzipeleka mezani, kwa kuwa makadirio ya tani na ya thamani ya masalio hupitiwa upya angalau kila mwisho wa mwaka wa hesabu.

Tuseme ndivyo ilivyokuwa. Oktoba hadi Desemba zilisagwa tani 25,600, jumla tangu mwanzo ikawa 240,000, limbikizo 120,000,000, thamani ya vitabuni 370,000,000. Kwa makadirio ya zamani zilibaki tani 660,000. Fundi mkuu akasema fremu imeanza kuonyesha nyufa ndogo, na mwamba wa upande mpya ni mgumu zaidi: zimebaki 550,000. Hatufungui vitabu vya 2024 kusahihisha, maana mia tano ya wakati ule ilikadiriwa kwa nia njema na kwa taarifa zilizokuwepo. Tunaichukua 370,000,000, tunaondoa masalio ya 40,000,000, tunagawa 330,000,000 kwa tani 550,000.

Mzee alipoiona karatasi ya Januari 2026 hakuuliza nani kaipandisha bei. Alichukua simu, akagawa mwenyewe, akapata 600, kisha akamwita msimamizi wa zamu ya usiku.